Uzito wa sampuli na uzito wa usahihi: upi unaingia wapi kwenye regresheni ya data ya kaya

*"Habari mtaalamu. Nina data ya kaya 800, 400 za mjini na 400 za vijijini, na kigezo cha uzito kilichokuja na data. Ninapima logi ya matumizi ya kaya kwa miaka ya shule ya mkuu wa kaya, pamoja na alama ya mjini au kijijini. Nikiweka `aweight` au `pweight` kwenye Stata, koefishenti ni zile zile, ila makosa sanifu yanatofautiana. Msimamizi wangu anasema uzito huu ni wa kurekebisha varianzi isiyo sawa. Mwenzangu anasema kwenye regresheni uzito hauhitajiki kabisa. Nimfuate nani?"*

Msimamizi wako amekosea sababu, na mwenzako amekosea kwenye neno "kabisa". Tuanze na ulichokiona mwenyewe kwenye skrini, maana ndicho kinachofungua mengine yote.

Koefishenti zinafanana kwa sababu hesabu yake ni moja. Ukiandika `aweight` au `pweight`, programu inatafuta namba zinazoifanya jumla ya uzito mara mraba wa baki iwe ndogo kabisa. Hiyo ndiyo njia ya miraba midogo yenye uzito, na haiulizi uzito umetoka wapi. Chanzo cha uzito kinaanza kuwa na maana pale unapotaka kujua koefishenti ingeyumba kiasi gani kama sampuli nyingine ingechaguliwa. Hapo njia zinaachana:

```
b = (X'WX)^-1 X'Wy

aweight:  V = s^2 (X'WX)^-1
pweight:  V = (X'WX)^-1 [ jumla ya w_i^2 e_i^2 x_i x_i' ] (X'WX)^-1
```

Mstari wa `aweight` ni sahihi kwa sharti moja tu, kwamba varianzi ya kosa la kila safu ni sigma mraba ikigawanywa kwa uzito wake. Kwa lugha ya kawaida, unaiambia programu kwamba safu yenye uzito mkubwa imepimwa kwa usahihi mkubwa zaidi. Mstari wa `pweight` haudai hivyo. Unachukua mabaki kama yalivyo, na unakubali kwamba kaya yenye uzito mkubwa inaweza kuyumbisha jibu kwa nguvu zaidi.

Sasa tuangalie uzito wako ulivyozaliwa. Sina ripoti ya utafiti wako mkononi, kwa hiyo nitatumia muundo wa kawaida wa tafiti za kaya wenye ukubwa unaolingana na wako. Tuseme mjini kuna kaya 20,000 na vijijini 180,000. Katika kila tabaka yalichaguliwa maeneo 20 ya kuhesabia watu, kila eneo likipata nafasi kulingana na idadi ya kaya zake kwenye sensa. Kisha timu ikaenda kwenye kila eneo, ikaorodhesha kaya upya, ikachagua 20 kutoka kwenye orodha hiyo.

Chukua eneo moja la mjini lililokuwa na kaya 100 kwenye sensa. Uwezekano wake wa kuchaguliwa ni 20 × 100 ÷ 20,000, yaani 0.1. Kama orodha mpya nayo inaonyesha kaya 100, kila kaya ina nafasi ya 20 kati ya 100, yaani 0.2. Ukizidisha unapata 0.02, na kinyume chake ni 50. Kila kaya iliyohojiwa hapo inasimama kwa niaba ya kaya 50. Kijijini, kwa hesabu hiyo hiyo, kila kaya inasimama kwa niaba ya kaya 450.

Lakini maeneo hubadilika. Tuseme timu ilipofika ilikuta eneo lile limejaa nyumba mpya, kaya sasa ni 150. Nafasi ya hatua ya pili inashuka hadi 20 kati ya 150, na uzito unapanda kutoka 50 hadi 75. Kama kati ya kaya 20 zilizochaguliwa 16 tu ndizo zilizokubali kuhojiwa, uzito unazidishwa tena kwa 20 ÷ 16 na kufika karibu 94.

Soma tena safari hiyo ya kutoka 50 hadi 94. Eneo lilikua, na kaya nne zilikataa kuhojiwa. Hakuna hatua hata moja iliyogusa usahihi wa matumizi yaliyoandikwa kwenye dodoso. Kwa kweli eneo linalopokea wageni kwa kasi lina kila sababu ya kuwa na kaya zinazotofautiana zaidi. Ukiweka 94 kwenye `aweight` unadai kwamba varianzi ya kaya hizo ni karibu nusu ya zile za eneo jirani lenye uzito wa 50. Hakuna aliyepima jambo hilo, na ndiyo maana maelezo ya msimamizi wako hayasimami.

Gharama ya kuchanganya hizi mbili inahesabika. Rudi kwenye hali rahisi ya uzito wa 50 kwa kaya 400 na 450 kwa kaya 400, na tuseme kila kaya ina kosa lenye mtawanyiko sanifu wa 0.8. Kosa sanifu la wastani kwa mtazamo wa `aweight` ni 0.8 kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 800, yaani 0.028. Lakini wastani wenye uzito unabebwa zaidi na kaya 400 za kijijini. Mtaalamu wa sampuli Leslie Kish alitupa njia fupi ya kuliona hili: chukua mraba wa jumla ya uzito, gawanya kwa jumla ya miraba ya uzito. Hapa unapata 488. Kaya zako 800 zinafanya kazi ya 488, na kosa sanifu halisi ni 0.036. Umelipunguza kwa zaidi ya moja ya tano bila haki, na hapo bado hatujagusa ukweli kwamba kaya 20 za eneo moja hufanana. Hiyo ni hesabu ya wastani. Kwenye koefishenti kiasi hubadilika, ila chanzo cha tatizo ni kile kile.

Kuna kosa baya kuliko hili, na nimelikuta kwenye ripoti iliyokuwa tayari kuchapishwa. Mchambuzi aliona `aweight` inamletea mashaka, akahamia `fweight`. Programu ilisoma uzito wa 450 kama kaya 450 zinazofanana kila kitu, ikaripoti sampuli ya kaya zote nchini, na kila koefishenti ikawa na nyota tatu. Kwa data kama yako, kaya 800 zingegeuka 200,000, na makosa sanifu yangekuwa madogo kama mara 16. Dalili yake ni rahisi kuiona: tazama idadi ya safu juu ya jedwali la matokeo. Ikizidi idadi ya kaya zilizohojiwa, simama hapo hapo.

Kwa hiyo kwa makosa sanifu jibu halina mjadala. Ieleze programu muundo mzima wa sampuli, yaani uzito, tabaka na eneo:

```
svyset eneo [pweight=uzito], strata(tabaka)
svy: regress lnmatumizi miaka i.mjini
```

`pweight` peke yake kwenye `regress` inakupa makosa sanifu yanayovumilia varianzi isiyo sawa, lakini haijui kwamba kaya zilichaguliwa kwa mafungu. Kwa watumiaji wa R hatari imejificha zaidi: `lm()` yenye `weights=` inauchukulia uzito kama usahihi, sawa na `aweight`. Wanahitaji `svydesign` na `svyglm` kutoka kwenye kifurushi cha `survey`.

Sasa twende kwa mwenzako, maana hoja yake ina mzizi wa kweli. Kama unatafuta wastani wa matumizi ya kaya zote, huwezi kuacha uzito: mjini ni nusu ya sampuli yako lakini ni moja ya kumi tu ya kaya. Regresheni ni tofauti kidogo. Kama mteremko wa shule ni mmoja mjini na kijijini, na tofauti ya viwango imeshabebwa na alama ya mjini, basi kaya za mjini na za kijijini zote zinakuambia habari moja. Kuwa na kaya nyingi za mjini hakupotoshi mteremko. Uzito hapo unakupunguzia tu sampuli kutoka 800 kuelekea 488, bila kukurudishia chochote. Hapo mwenzako yuko sahihi.

Sharti ni kwamba mteremko uwe mmoja. Tuseme si mmoja: mjini kila mwaka wa shule unaendana na ongezeko la 0.10 kwenye logi ya matumizi, na kijijini 0.05. Tuseme pia miaka ya shule ina varianzi ya 16 mjini na 9 kijijini. Ukilazimisha mteremko mmoja, regresheni inachanganya miteremko miwili, na kila upande unapata sauti kwa idadi ya kaya mara varianzi ya shule. Bila uzito, sauti ni 400 × 16 kwa mjini na 400 × 9 kwa kijijini, na mteremko unaotoka ni 0.082. Ukiweka uzito, idadi zinakuwa 20,000 na 180,000, na mteremko unashuka hadi 0.058.

Wengi huishia hapo na kusema jibu sahihi ni 0.058 kwa kuwa uzito umetumika. Ngoja kidogo. Wastani wa kweli wa mteremko kwa kaya zote ni 0.1 × 0.10 kujumlisha 0.9 × 0.05, yaani 0.055. Regresheni yenye uzito haikuutoa. Iliipa mjini sauti ya ziada kwa sababu tu miaka ya shule imetawanyika zaidi huko. Kile uzito unachokupa ni mteremko ambao ungeupata kama ungehoji kaya zote 200,000 na kuendesha regresheni hii hii iliyokosewa. Ni kitu chenye maana, na kwa makala ya kuelezea hali ya nchi naweza kukitetea. Lakini si "athari ya wastani ya elimu", na tafadhali usikiandike hivyo.

Tofauti ya 0.082 na 0.058 inakuambia jambo lenye faida kuliko kuchagua moja kati yake: modeli yako imekosa kitu. Jaribio la DuMouchel na Duncan la 1983 limejengwa juu ya wazo hili. Ongeza uzito wenyewe kama kigezo, pamoja na mwingiliano wake na vigezo vingine, bila kutumia uzito kwenye makadirio, kisha jaribu nyongeza hizo zote kwa pamoja:

```
regress lnmatumizi c.miaka i.mjini c.uzito##(c.miaka i.mjini), vce(cluster eneo)
testparm c.uzito c.uzito#c.miaka i.mjini#c.uzito
```

Kama nyongeza hizo hazina la kusema, tofauti kati ya makadirio yenye uzito na yasiyo na uzito inaweza kuwa ya bahati nasibu, na unaweza kutetea kuacha uzito kwenye koefishenti. Kama zina la kusema, tafuta kwa nini. Katika mfano wetu uzito una thamani mbili tu, kwa hiyo ni jina jingine la tabaka. Stata itaondoa baadhi ya vigezo kwa sababu vinarudiana, na kinachobaki ni swali la kama mteremko wa mjini ni sawa na wa kijijini. Basi makadirio yafanywe wazi, `c.miaka##i.mjini`, uonyeshe 0.10 na 0.05 zote mbili. Anayetaka namba moja ya nchi mpe 0.055, iliyopatikana kwa kuzidisha kila mteremko kwa sehemu ya kaya inayouhusu. Kwenye data halisi uzito hubadilika pia ndani ya tabaka, kama ulivyoona kwenye lile eneo lililokua, kwa hiyo jaribio hugundua mengi zaidi ya mjini na kijijini.

Ipo hali ambayo uzito hauna mbadala hata mteremko ukiwa mmoja. Ni pale kaya zilipochaguliwa kwa kitu kinachofungamana na kosa la modeli yako. Tuseme wakati wa kuorodhesha, kaya zilizoonekana maskini zilitengwa na kuchaguliwa kwa kiwango mara tatu ya nyingine. Matumizi ndiyo unayoyaeleza, kwa hiyo sampuli imejaa kaya ambazo, kwa elimu ile ile, zimeangukia upande wa chini. Kiasi cha kuvutwa chini hakilingani kati ya wakuu wa kaya wenye shule nyingi na wenye shule chache, na mteremko unapotoka. Kuongeza kaya nyingine kwa utaratibu huo huo hakutibu chochote. Uzito ndio unaorudisha kila kaya mahali pake. Kwa hiyo kabla ya jaribio lolote, soma sura ya sampuli kwenye ripoti ya utafiti na ujiulize jambo moja: je, vitu vyote vilivyotumika kuchagua kaya vimo kwenye modeli yangu upande wa kulia? Tabaka la mjini na kijijini unalo. Kukataa kuhojiwa kunakofungamana na utajiri huna.

Nimesema mengi kuhusu mahali ambapo uzito wa usahihi haufai. Unafaa pale safu moja ya data inapokuwa wastani wa vipimo vingi. Tuseme umekusanya data yako kwa kijiji, kila safu ikiwa wastani wa matumizi ya kaya zilizohojiwa humo, kijiji kimoja kaya 5 na kingine 60. Wastani wa kaya 60 hauyumbi kama wa kaya 5, na `aweight` ilitengenezwa kwa hali kama hiyo. Uzito unaowekwa ni idadi ya kaya zilizohojiwa, wala si idadi ya kaya zinazoishi kijijini.

Hata hapo usikimbie. Kaya za kijiji kimoja zinashiriki mvua, barabara na soko, na sehemu hiyo ya kosa haipungui hata ukihoji kaya elfu. Varianzi ya safu ni sehemu ya pamoja, kujumlisha sehemu ya kaya ikigawanywa kwa idadi. Tuseme ya pamoja ni 0.04 na ya kaya ni 0.60. Kijiji cha kaya 5 kina varianzi ya 0.16, na cha kaya 60 kina 0.05. Kinastahili sauti mara 3.2. Ukiweka idadi kama uzito umekipa mara 12, na vijiji vichache vikubwa vinaweza kuburuta mstari mzima. Mwanauchumi William Dickens alilionya hili mwaka 1990, na bado nalikuta.

Kulipima ni kazi ya dakika tano. Endesha regresheni ya safu hizo bila uzito, chukua miraba ya mabaki, kisha uipime kwa moja gawanya kwa idadi ya kaya:

```
regress wastani shule
predict e, residuals
generate e2 = e^2
generate kinyume = 1/n
regress e2 kinyume
```

Namba ya `_cons` inakadiria sehemu ya pamoja, na koefishenti ya `kinyume` inakadiria sehemu ya kaya. Kama `_cons` iko karibu na sifuri, tumia `n` kama uzito bila wasiwasi. Kama ni kubwa, uzito unaofaa ni moja gawanya kwa jumla ya sehemu hizo mbili, au acha uzito kabisa na utumie `vce(robust)`. Na ukitumia uzito huo, bado weka `vce(robust)`, kwa sababu makadirio ya sehemu hizo mbili nayo yana makosa yake.

Kwa data yako ya kaya 800, ambapo kila safu ni kaya moja, hali hiyo haipo. Endesha `svy: regress`, kisha endesha bila uzito ukiwa na `vce(cluster eneo)`, uweke safu mbili za koefishenti sambamba kwenye jedwali moja. Zikikaribiana, ripoti ile isiyo na uzito kama unahitaji usahihi, na useme kwamba umelinganisha. Zikiachana, fungua mwingiliano wa shule na mjini kabla ya kuandika sentensi yoyote kuhusu elimu.

Jambo la mwisho, kwa kuwa najua utataka kuangalia kaya zinazoongozwa na wanawake peke yake. Usifute kaya nyingine kwenye faili. Andika `svy, subpop(mwanamke): regress ...` na uziache zote ndani. Ukizifuta, eneo lisilo na kaya hata moja inayoongozwa na mwanamke linatoweka kabisa. Yakitoweka matatu, programu itadhani tabaka lake lilikuwa na maeneo 17 badala ya 20, na makosa sanifu yatahesabiwa kwa sampuli ambayo haikuwahi kuchaguliwa.